Je, Alzheimer ya bibi inaambukiza?

"Daktari, bibi yetu hapa Tukuyu ana Alzheimer. Mjomba amesoma kwamba inaenea kama prioni, zile protini mbovu zinazoharibu ubongo. Sisi tunaomwogesha na kumlisha tutaupata?"

Hapana, endeleeni kumwogesha na kumlisha. Lakini mjomba hajazua, na hoja yake inastahili kusikilizwa.

Kati ya 1959 na 1985, Waingereza 1,848, wengi wao watoto waliodumaa, walichomwa homoni ya ukuaji iliyotolewa kwenye tezi za ubongo za maiti. Baadhi ya tezi zilikuwa na prioni, na miaka mingi baadaye makumi ya watoto hao walikufa kwa ugonjwa wa ubongo unaoletwa na prioni, uitwao Creutzfeldt-Jakob. Mwaka 2015 watafiti wa London walichunguza ubongo wa wanane kati ya waliokufa hivyo, wa umri wa miaka 36 hadi 51. Wanne walikuwa na protini ya amiloidi beta iliyotapakaa, ile ile inayorundikana kwenye ubongo wa wenye Alzheimer, katika umri ambao si wake. Mwaka 2024 timu hiyo ikaeleza watu watano waliopata homoni hiyo ambao hawakuugua Creutzfeldt-Jakob, ila walianza kupoteza akili wakiwa na miaka 38 hadi 55.

Hilo linawezekanaje bila mdudu? Tazama asali wakati wa baridi ya Juni hapa Mbeya. Ukitia kijiko cha asali iliyoganda kwenye chupa ya asali laini, nayo huganda upesi. Hukuongeza sukari, chembe chache zimeipa sukari iliyokuwemo umbo lake. Prioni hufanya vivyo hivyo: protini iliyokunjika vibaya hukunja vibaya ile nzima ya mwili wenyewe. Virusi huja na jeni zake na kuamrisha seli zijenge nakala mpya. Prioni haina jeni, kwa hiyo kipimo cha kutafuta jeni za kijidudu hakiioni, na kinga ya mwili huiona kama ya nyumbani. Panya walioondolewa jeni ya protini hiyo hawaugui hata wakidungwa prioni; hakuna cha kugandisha.

Amiloidi nayo huota hivyo ndani ya ubongo. Hapo mjomba yuko sahihi. Wanaopinga wanasema watano ni wachache, na magonjwa yao ya utotoni yangeweza kuchangia. Naona pingamizi hilo lina uzito, ingawa mwaka 2018 machupa ya zamani ya homoni hiyo yalikutwa na amiloidi, na ikaotesha nyingine kwenye ubongo wa panya.

Lakini angalieni njia: ilikuwa sindano za miaka mingi za kitu kilichotoka kichwani mwa maiti, na homoni ya sasa hutengenezwa maabara. Mate, jasho na kijiko cha uji havijawahi kuonekana vikimpa mtu Alzheimer. Hofu ya kweli iko kwenye vyombo vya upasuaji wa ubongo, kwa sababu mvuke wa kawaida wa nyuzi 121 hauhakikishi kuua prioni. Bibi akijisaidia, nawa kwa sabuni. Hiyo ni kwa ajili ya kuhara.