Jokofu la Soweto ndilo lililosema, mashine ilikuja kuthibitisha

Kila mlipuko wa ugonjwa ukitokea siku hizi utaikuta sentensi ile ile gazetini: "Wataalamu wamesoma vinasaba na kubaini chanzo." Kubaini chanzo! Kana kwamba unaiwekea mashine bakteria jioni, asubuhi inakutemea jina la kiwanda na namba ya simu ya meneja. Nimechoka na sentensi hiyo, kwa sababu watu wanaoamua bajeti wanaisoma na kuiamini. Mashine hununuliwa, hufunikwa nailoni, na bwana afya hubaki hana mafuta ya pikipiki ya kwenda kuchukua sampuli.

Tuseme ukweli wa kazi yenyewe. Kusoma jenomu, yaani vinasaba vyote vya kimelea, ni kulinganisha. Ukiwa na vimelea 500 vya wagonjwa na huna hata kimoja kutoka kwenye chakula, maji au sakafu ya kiwanda, utapata mti mzuri wa ukoo wa kuchora kwenye ripoti, wenye matawi 500 ya wagonjwa, na hakuna tawi litakalokuambia bakteria alitoka wapi. Chanzo hakionekani kwenye mti mpaka mtu akichote akilete maabara.

Mfano usio na ubishi ni mlipuko wa listeria, bakteria wa kwenye chakula, Afrika Kusini. Katikati ya 2017 madaktari wa watoto wachanga katika hospitali za Gauteng waliona watoto wao wakiugua listeria kuliko kawaida, wakaipigia kelele taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza, NICD. Maabara ikaanza kusoma jenomu za vimelea vya wagonjwa. Jibu lilikuja zuri sana: karibu wote walikuwa aina moja, ST6. Hesabu iliyotangazwa baadaye ilikuwa asilimia 91. Hapo mashine ilifanya kazi kubwa, nakubali ingawa kwa shingo upande. Bila jibu lile mtu angeweza kudhani ni visa vilivyoongezeka kwa bahati mbaya, kila kimoja na chakula chake. ST6 ilisema hapana, kuna mlango mmoja umeachwa wazi mahali fulani.

Mahali gani? Kimya. Mlipuko ukatangazwa rasmi Desemba 5, 2017, na chanzo hakijulikani bado. Listeria ni mjanja: mtu anaweza kula leo akaugua baada ya siku 70. Muulize mama aliyelazwa alikula nini wiki nane zilizopita. Katika wagonjwa 109 waliohojiwa, 93 walisema walikula nyama za kusindikwa, poloni, aina ya soseji nene, ikiongoza. Ni dalili nzuri, lakini poloni Afrika Kusini ni kama maandazi kwetu, karibu kila mtu anakula. Huwezi kufunga kiwanda kwa dalili hiyo peke yake.

Januari 12, 2018, watoto tisa wa chini ya miaka mitano kutoka kituo kimoja cha kulelea watoto Soweto wakafikishwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na kuharisha. Daktari wa watoto akashuku chakula, akawaita maafisa afya. Wao wakaenda kituoni siku hiyo hiyo, wakafungua jokofu, wakachukua poloni za kampuni mbili tofauti. Siku hiyo hiyo! Hawakusubiri kikao wala fomu ya posho. Listeria ikaota kutoka kinyesi cha mtoto mmoja na kutoka poloni zote mbili. Vimelea vitatu vikasomwa, na Januari 27 jibu likatoka: vyote ST6.

Mwandishi wa habari angeishia hapa na kuandika "vinasaba vyabaini". Lakini hebu tazama kilichopo mezani. Poloni za kampuni mbili zisizohusiana, na bakteria wa aina moja. Je, poloni ya kwanza iliichafua ya pili ndani ya jokofu? Au ya pili ndiyo ilianza? Au ni kisu kimoja kilichokata zote? Jenomu haina mshale. Inakuambia hawa ni ndugu wa karibu, haikuambii nani alimtembelea nani. Kipande kilichofunguliwa kikakaa jokofuni na vingine ni ushahidi wenye kiwingu, na ndiyo maana ukitoka hapo unatafuta dukani pakiti isiyofunguliwa ya toleo hilo hilo, kisha unaenda kiwandani.

Walienda kiwandani. Timu ilifika Polokwane, kwenye kiwanda cha Enterprise, mojawapo ya kampuni zile mbili, ikachukua vyakula na kupangusa mazingira kwa pamba. Listeria ikaota katika zaidi ya asilimia 30 ya sampuli za mazingira, na ST6 ikathibitishwa katika sampuli zisizopungua 16. Machi 4, 2018 waziri wa afya akasimama mbele ya kamera akakitaja kiwanda hicho kuwa chanzo. Mpaka mlipuko unafungwa, wagonjwa 1,060 walikuwa wamethibitishwa na maabara, na vifo vilivyojulikana vilikuwa 216.

Ninachotaka kukifia hapa ni sampuli ya chakula, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa kirahisi kuliko zote. Utaratibu wa kawaida ni kupima gramu 25 za chakula, kuzitia kwenye mililita 225 za mchuzi dhaifu wa Fraser wa kukuzia bakteria, kuuacha joto la nyuzi 30 kwa siku moja, kisha kuhamishia kwenye Fraser kamili na baadaye kwenye sahani ya kuoteshea. Sahani inapoota, fundi aliyechoka anachukua koloni moja, yaani kidoa kimoja cha bakteria, anaandika "listeria imeonekana", anaipeleka kusomwa. Hiyo koloni moja ndiyo msiba. Kiwanda kichafu hakina aina moja tu ya listeria, na mchuzi ule una tabia ya kuilea zaidi ile inayokua haraka. Ukichukua koloni moja ukakuta si ST6, utaandika barua ya kukiondolea lawama kiwanda ambacho ST6 yake ilikuwa sentimita mbili pembeni kwenye sahani ile ile. Chukua koloni tano kwa kila sampuli. Kama fedha hazitoshi kusoma zote, zigandishe nyuzi −80, zitakusubiri.

Halafu kuna uvivu wa kuridhika na neno "ST6". Hiyo ni namba inayotokana na jeni saba tu kati ya takriban 3,000. Miaka ile ile Ulaya ilikuwa na mlipuko wake wa ST6 uliofuatwa hadi kwenye mahindi yaliyogandishwa na kiwanda cha mboga Hungaria. Mtu wa ST6 ya Soweto na mtu wa ST6 ya mahindi wana jina moja la ukoo tu. Ndiyo sababu unashuka chini zaidi, ama kwa mpango wa jeni 1,748 wa taasisi ya Pasteur, ambapo vimelea vinavyotofautiana kwa jeni 7 au pungufu huhesabiwa kundi moja, ama kwa kuhesabu herufi za DNA zinazotofautiana jenomu nzima.

Kuhesabu herufi kwenyewe ni amri chache za kompyuta, hapa ikiwa k ni mgonjwa na f ni chakula:

```
snippy --outdir k01 --ref ref.gbk --R1 k01_R1.fastq.gz --R2 k01_R2.fastq.gz
snippy-core --ref k01/ref.fa k01 k02 f01
snp-dists core.aln > umbali.tsv
```

Amri ya kwanza hurudiwa kwa kila kimelea. Ya pili ndiyo yenye mtego. Inabakiza tu sehemu za jenomu ambazo vimelea vyote vimesomeka vizuri. Ukiingiza kimelea kimoja kilichosomwa vibaya, tuseme kila herufi imesomwa mara 8 badala ya 40 au 50, sehemu zote alizokosa yeye zinafutwa kwa kila mtu. Tofauti za kweli zinafutika nazo, na ghafla jedwali lako linaonyesha kila mtu ni ndugu wa kila mtu. Watu wameshangilia majedwali ya namna hiyo. Dawa yake ni kuangalia faili la core.txt linalotoka hapo kabla ya kuangalia umbali: safu ya ALIGNED ya kimelea yeyote ikiwa chini sana ya wenzake, mtoe, endesha upya, uone kama umbali wa waliobaki umebadilika.

Mtego mwingine unaonekana mapema zaidi, ukiwa na macho. Jenomu ya listeria ina herufi takriban milioni 2.9. Ukiunganisha vipande ukapata milioni 5.5, hujagundua kitu kipya, umechanganya koloni mbili. Rudi kwenye sahani, otesha upya mara mbili, anza na koloni moja safi. Ukipata DNA kidogo mno, pengine ukuta wa listeria haukuvunjika, ulisahau lisozaimu ya kuuvunja ukatumia njia ya ekolai. Na kiasi cha DNA kipime kwa kifaa cha Qubit, maana kit ya Nextera XT ya kuiandaa kwa mashine inataka nanogramu 1 tu, na vipimo vya mwanga wa kawaida hudanganya katika viwango hivyo.

Hata umbali ukiwa sahihi, tafsiri inabaki. Listeria hubadilika polepole, chini ya herufi moja kwa mwaka katika jenomu nzima. Kwa hiyo umbali wa herufi 2 kati ya mgonjwa na mfereji wa kiwanda unaweza kumaanisha wiki iliyopita, na unaweza kumaanisha bakteria aliyekaa kwenye mfereji ule miaka mitatu. Kinachotofautisha hayo mawili ni tarehe iliyoandikwa kwenye kichupa. Nazungumzia tarehe ya kuchukua sampuli. Orodha nyingi zina tarehe ya kusoma jenomu, ambayo inatuambia tu lini vitendanishi vilifika bandarini.

Na huku kwetu? Kipindupindu kikiingia, vituo vingi hupima kwa kipimo cha haraka, mstari ukitokea mgonjwa anatibiwa, kinyesi kinamwagwa. Ni sawa kwa mgonjwa. Kwa kufuatilia chanzo hakuna kilichobaki, kwa sababu mstari mwekundu kwenye karatasi hauoti koloni. Kuotesha hata kinyesi cha wagonjwa kumi wa mwanzo kwa kila wilaya, pamoja na maji ya kisima chao, si gharama ya kutisha: kijiti cha pamba, chombo cha Cary-Blair kinachostahimili safari bila barafu, na dereva. Lakini hivyo havina uzinduzi wala utepe wa kukata. Mashine inao.

Jambo moja kuhusu hoja kwamba kila mkoa unahitaji mashine yake: kule Afrika Kusini vimelea vilisafiri kutoka Soweto hadi maabara ya taifa, na toka jokofu kufunguliwa hadi jibu la ST6 zilipita siku 15. Sehemu kubwa ya siku hizo ni kuotesha na kusafisha koloni. Mashine yenyewe, ikiwa na vimelea safi ndani, humaliza kwa siku mbili au tatu.