Ndevu za Siku 19 na Mashine ya Alama za Vidole

Ndevu zangu zilikuwa na umri wa siku 19, nami nilikuwa nazikagua kwenye kioo asubuhi na jioni kama mkulima anayengoja mahindi. Shavu la kulia lilikuwa limekubali. La kushoto lilikuwa na kipara cha ukubwa wa kifungo cha shati, ambacho mdogo wangu wa kike alikipa jina la "uwanja wa ndege". Hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni muwasho. Tangu wiki ya pili nilikuwa najikuna kidevu kwenye vikao, kwenye foleni, hata usingizini.

Basi nikanunua boksi. Ndani yake mlikuwa na vitu vitatu: chupa ya mililita 30 ya mafuta ya ndevu yenye kidondoshi cha kioo, kopo la bati la bamu, yaani mafuta ya mgando yenye nta, na chupa ya sabuni ya maji ya kuoshea ndevu. Mlikuwa pia na karatasi ya maelekezo. Maandishi yake yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, nami nikaona mtu mwenye ndevu hasomeshwi na karatasi.

Kesho yake saa 3 asubuhi nilikuwa na miadi ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho kipya. Picha ile ningekaa nayo miaka mingi, kwa hiyo nikaamua ndevu zizinduliwe siku hiyohiyo.

Nilianza na ile sabuni. Ilitoa povu kidogo sana, nikaidharau. Sabuni isiyotoa povu inasafisha nini? Nikaongeza sabuni ya kipande, ile ya kuogea mwili mzima, nikasugua mpaka ngozi ya kidevu ikavutika kama ngozi ya ngoma. Nikasema sawa, sasa ni safi.

Nikaja kwenye mafuta. Ukibonyeza ule mpira wa kidondoshi kisha ukauachia, mafuta yanapanda na kujaza kioo. Nikaona jambo liko wazi: kioo kikijaa, hicho ndicho kipimo. Nikamwaga chote. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kidondoshi kilichojaa ni kama mililita 1, matone 20 na zaidi, na ndevu fupi kama zangu zinatosheka na matone 2 au 3. Yale mengine 17 na ushee hayakuwa na pa kwenda. Yalishuka shingoni taratibu, bila haraka, yakijua yanakoelekea ni kwenye kola ya shati jeupe.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi. Nikasema bamu ni nzito, basi itayazuia mafuta yasishuke. Nikachota kwa vidole viwili, nikabandika, nikachota tena. Sikuilainisha kwanza viganjani. Niliipaka ngumu vilevile ilivyotoka kwenye kopo, na vinywele vya siku 19 vikaikwangua kama kikwaruzo. Nilipotazama kioo, kidevu kilikuwa na madongedonge ya rangi ya maziwa. Nikakimbilia bomba, nikajimwagia maji baridi. Madonge yakakakamaa.

Mdogo wangu akachungulia mlangoni. "Kaka," akauliza kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, "umelalia mshumaa?"

Saa 3 kasoro nilikuwa ofisini. Mhudumu alikuwa mama wa makamo, mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Akanikalisha mbele ya kamera, akatazama skrini yake, akatazama uso wangu, akarudi kwenye skrini. "Kijana, unang'aa. Kidevu chako hakionekani, naona mwanga tu. Jifute kidogo." Akanipa karatasi laini. Nikajifuta kwa nguvu zote. Mafuta yalitoka, nta ikabaki, na ile nta ikanyakua karatasi vipande vipande. Nilipokaa tena mbele ya kamera nilikuwa na ndevu nyeupe za mtu wa miaka 80.

"Basi tuanze na vidole," akasema mama, "picha tutaimalizia."

Wasomaji mnaojua kazi ya mashine ile mmeshajua kinachokuja. Inasoma vilima na mabonde ya ngozi ya kidole. Mabonde yangu yalikuwa yamefukiwa na bamu. Nikaweka kidole gumba, mashine ikalia. Nikaweka cha shahada, ikalia. Mama akakifuta kile kioo kwa kitambaa, na mafuta yakasambaa vizuri kona zote nne. Akaniomba nikae pembeni ili aliye nyuma yangu apite. Mashine ikamkataa. Ikamkataa na wa tatu. Watu wakaanza kuvitazama vidole vyao kana kwamba vimewasaliti, mimi nikawa naangalia dari.

Nilikwenda kunawa. Maji ya bomba yalikuwa ya baridi, yakawa yanateleza juu ya mikono yangu kama juu ya mgongo wa bata. Niliporudi mama alinitazama muda mrefu, akaniandikia tarehe nyingine. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa kinyozi wangu. Ana ndevu zinazofika kifuani, na hacheki ovyo. Siku hiyo aliweka mashine chini, akaegemea ukuta, akacheka mpaka mteja aliyekuwa kitini, amenyolewa nusu kichwa, naye akaanza kucheka bila kujua sababu.

"Umejaribu kuitoa kwa nini?" akaniuliza alipopata pumzi.

"Kwa maji, kaka."

"Maji na nta wapi na wapi? Nta ya nyuki haiyeyuki mpaka nyuzi joto 62 na zaidi. Ukingoja maji ya kuiyeyusha utakuwa umejichemsha." Akachukua chupa yangu ileile ya mafuta, akanipaka kidevuni na vidoleni, akasugua pole pole kama dakika 2. Nta ikaanza kulegea ndani ya mafuta. Akaifuta kwa taulo lililochovywa maji ya uvuguvugu, ndipo akaleta ile sabuni ya ndevu niliyoidharau. Mara mbili tu, kila kitu kikaondoka. Kumbe kinachoing'oa bamu ni mafuta kwanza, sabuni baadaye. Ningelijua hilo asubuhi, foleni nzima ingepona.

Kisha akaniinamishia kichwa kwenye taa. "Muwasho wako huu haukutoka kwenye ukosefu wa bamu. Ulipokuwa unanyoa, wembe ulikata kila unywele kwa ncha kali. Sasa zimeota kidogo, na kwa kuwa zako zimejikunja, ncha zinarudi kuchoma ngozi. Halafu wewe unaipiga ngozi hiyo kwa sabuni ya kipande, inakauka, inawasha maradufu." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mafuta ya ndevu, licha ya jina lake, kazi yake kubwa iko kwenye ngozi iliyo chini ya ndevu. Ngozi hutoa mafuta yake yenyewe, ila sabuni kali huyaondoa, na ndevu zikirefuka hayatoshi tena kufika mpaka nchani. Matone 2 au 3 yanapakwa baada ya kuosha, ndevu zikiwa na unyevu lakini hazidondoshi maji. Unayasambaza viganjani kwanza, halafu unapitisha ncha za vidole mpaka uguse ngozi. Ukiona unang'aa baada ya nusu saa, umezidisha.

"Na bamu?"

"Bamu inashikilia. Nta ndani yake inalaza nywele zilizosimama ovyo, siagi ya shea inalainisha. Sasa wewe unashikilia nini?" Akajaribu kuzibana ndevu zangu kwa vidole viwili, zikamponyoka. Akajaribu tena. "Zikifika sentimita 2 au 3, ukaona asubuhi upande mmoja umelala na mwingine umesimama, njoo tuongee. Siku hiyo utakwangua kiasi cha punje ya njegere kwa mgongo wa kucha, utakisugua viganjani mpaka kiwe mafuta matupu, ndipo upake. Kikiwa bado na chembe, bado."

Nikamuuliza kuhusu uwanja wa ndege. Kama matone 3 hayaoteshi, je, 20? Akaniambia hakuna tone linalootesha kitu mahali ambapo ngozi haijaamua, na kwamba ndevu nyingi za mwanzo huwa na mapengo ambayo hufunikwa na nywele za jirani zikirefuka. Ningoje miezi 2 au 3 ndipo nilalamike.

Kuhusu sabuni ya ndevu hakuipigia debe. Alisema faida yake ni upole, basi, na kama nina sabuni laini ya uso nyumbani, hiyo itafanya kazi ileile. Mara 2 au 3 kwa wiki, siku nyingine maji. Jambo moja tu alilisisitiza bila utani: nikiona magamba ya njano yenye mafuta na ngozi nyekundu chini yake, huo ni mba, na nisiumwagie mafuta nikidhani ni ukavu, kwa sababu fangasi anayehusika nao hula mafuta hayohayo. Mba unatakiwa shampuu ya dawa, kama ile ya ketokonazoli, inayoachwa dakika 3 mpaka 5 kabla ya kusuuzwa.

Kwa hiyo katika boksi langu lote, kitu nilichokihitaji kilikuwa matone matatu. Na hata hayo, mafuta matupu ya jojoba au ya lozi yasiyo na manukato yangetosha, tena yangekuwa salama zaidi kwa ngozi iliyokwisha kukasirika. Bamu nimempa mdogo wangu. Anaipaka visiginoni, na anasema ndiyo bamu bora ya ndevu aliyowahi kutumia.

Ndani ya wiki mbili muwasho ulikuwa umeniacha. Tarehe niliyopewa ilipofika, nilinawa mikono mara mbili, nikapaka matone mawili, la tatu nikalisamehe, nikaenda. Yule mama alinitambua kabla sijasema jina. Akavua miwani, akaangalia kidevu changu, akaangalia viganja vyangu pande zote mbili kama daktari. Kisha akainua kichwa na kuitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu.

"Huyu," akawaambia, "atakuwa wa mwisho."