Mama wa kambo na mume aliyeomba kisha akanyamaza

“Uliolewa ukijua ana watoto.” Hilo ndilo jibu analopewa mama wa kambo karibu kila anapofungua mdomo, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Kweli, alijua. Lakini kujua kwamba mume ana watoto si sawa na kuombwa uwalee, na aliyeomba ana deni.

Chukua nyumba moja ya Malaba, upande wa Uganda, ya aina inayopatikana kando ya barabara yote ya malori. Mume ni dereva. Leo yuko Kampala, kesho Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Watoto wake wawili, msichana wa miaka 13 na mvulana wa miaka 9, walikuwa kwa bibi yao Tororo. Bibi alipoishiwa nguvu, mume alimwomba mkewe awapokee, naye akakubali. Tangu hapo yeye ndiye anayepika, anayefua, anayembeba mtoto usiku kwenda kliniki malaria inapompanda. Pesa ya karo, hata hivyo, hutumwa kwa shangazi wa watoto. Msichana akiambiwa aoshe vyombo humpigia baba yake, na baba hujibu, “Mwache, bado ni mtoto.” Mke akilalamika, anaambiwa awe na subira.

Watoto hawa wana haki ya kununa. Mama yao yu hai, na msichana wa umri huo huona kwamba akimchekea huyu mgeni, amemsaliti mama yake. Ndiyo maana mara nyingi ubaridi huzidi baada ya siku njema: mmekaa vizuri, mmecheka, kesho yake hakusalimii. Anayeujua mwendo huo hatausoma kama chuki. Na yule mvulana, aliyekwisha kuhamishwa mara mbili, anangoja kuona kama hapa pia ataondolewa. Kuwalazimisha wamwite mama huwaongezea mzigo tu.

Baba naye si mtu mbaya. Ana hatia moyoni kwa kuwa mbali, basi zile siku chache anazokuwa nyumbani hataki ugomvi. Tatizo ni kwamba amani hiyo inalipiwa na mke.

Hebu tuitazame hiyo subira anayoagizwa. Patricia Papernow, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezichunguza familia za namna hii kwa miaka mingi, anakadiria kuwa zile zinazokwenda haraka huchukua karibu miaka 4 kuzoeana, na nyingi huhitaji 7 au zaidi. Kwetu hesabu hiyo inakuwa nzito zaidi. Mtoto wa bweni Uganda huwa nyumbani kwa likizo tatu tu, ambazo kwa jumla hazifiki miezi minne kwa mwaka. Kila likizo inapoanza, watu hawa wanarudi nyuma kidogo na kuanza tena kuzoeana, na ukaribu ukianza kushika, shule inafunguliwa. Msichana wa miaka 13 anayesoma bweni anaweza kuwa mtu mzima kabla hata ile miaka 4 ya kuishi pamoja haijatimia. Kumwambia mwanamke asubiri, bila kubadilisha kitu kingine chochote, ni kumwambia asubiri jambo ambalo huenda lisije.

Sheria nayo inamweka pabaya. Sheria ya Watoto ya Uganda inampa wajibu wa kumtunza mtoto si mzazi na mlezi tu, bali yeyote aliye na mtoto huyo chini ya uangalizi wake: chakula, mavazi, makazi, matibabu, elimu. Mtoto akikosa chakula, yeye ataulizwa. Lakini kuolewa na baba hakumpi mamlaka ya mzazi, kwa hiyo sauti yake ndani ya nyumba ni ile tu ambayo mume ameiazima kwake. Akimnyima, amemwachia kazi tupu.

Kwa hiyo mabadiliko yaanze kwa baba, na si makubwa. Awaambie watoto, mkewe akiwa amekaa palepale, kwamba baba asipokuwepo neno la huyu ndilo neno la nyumba. Adhabu zibaki kwa baba. Mke asimamie kanuni kama shangazi angesimamia, asichape. Karo ipitie mkononi mwa mke. Msichana akipiga simu, jibu liwe, “Osha kwanza, tutaongea jioni.” Na baba akirudi safarini, awape watoto saa zao peke yao, mke asiwepo, kwa sababu hofu yao kubwa ni kwamba wamepokonywa baba. Kisha aketi na mkewe, aulize wiki ilikwendaje, asikilize bila kuwatetea watoto.

Watoto hawadaiwi upendo. Wanadaiwa salamu na adabu, na hayo baba anaweza kuyadai leo hii. Mke akianza kuwanyima chakula au kuwapiga, hapo hoja yangu haimkingi. Mume akiyafanya yote haya likizo kadhaa na nyumba ikabaki baridi, basi mke ana haki ya kusema watoto watafutiwe mlezi mwingine upande wa ukoo wao, na asiitwe mkatili.