Augsburg 1555: mkataba unaosemwa vibaya kupita kiasi

"Naandika insha kuhusu mgawanyiko wa Kanisa la magharibi karne ya 16 na athari zake kisiasa, mwalimu anataka pande zote mbili. Nishike wapi?"

Mdogo wangu, achana na Luther na misumari ya mlangoni, hiyo kila mtu ataandika. Shika Mkataba wa Augsburg, tarehe 25 Septemba 1555, makubaliano ya amani kati ya upande wa Kaizari na watawala wa Kilutheri ndani ya Dola Takatifu la Roma, yaani Ujerumani ya wakati ule, hapo ndo dini ilipogeuka kuwa mambo ya serikali kabisa.

Kwa kawaida unasomwa hivi: mtawala wa jimbo anachagua Ukatoliki au Ulutheri, raia wote wanamfuata kama kondoo, basi. Na kuna ule msemo wa Kilatini, cuius regio, eius religio, mwenye nchi ndo mwenye dini. Kwanza huo msemo haumo kwenye mkataba, ulitungwa baadaye na mwanasheria mmoja wa Greifswald, Joachim Stephani. Pili, wanaoulaumu wana hoja, sikatai. Chukua Heidelberg, makao ya mtawala wa jimbo la Palatinate. Mtu aliyezaliwa pale 1540 alikulia Ukatoliki, 1556 akaja mtawala Ottheinrich na Ulutheri, akamfuata Friedrich wa Tatu aliyehamia kwa Wakalvini, Waprotestanti wa tawi jingine, 1576 mwanae Ludwig akarudisha Ulutheri na kufukuza wachungaji na maprofesa wa baba yake, 1583 Ludwig naye akafa na Ukalvini ukarudi tena. Yaani huyo mtu kabadilishiwa ibada mara nne kabla hajafika miaka 45 na hakuna aliyemuuliza. Alafu kichekesho, Ukalvini wenyewe haukutajwa kwenye mkataba kabisa, kisheria zilikuwepo dini mbili tu.

Lakini sasa kuna kifungu ambacho watu wanakipita haraka mno, na mimi kila nikikisoma nabaki hapo hapo. Kinasema raia ambaye dini yake si ya mtawala anaruhusiwa kuuza mali zake na kuhama na mke na watoto, akishalipa kodi za kuondokea anaachwa aende zake. Utasema kufukuzwa kwa adabu ni uhuru gani huo? Sawa, na maskini asiye na cha kuuza ahamie wapi. Ila angalia kulikuwa na nini kabla. Amri ya Worms ya 1521, iliyotolewa na Kaizari Karl wa Tano, ilimfanya Luther kuwa mtu asiye na ulinzi wa sheria, na miaka miwili tu baadaye, Brussels, kwenye ardhi za Kaizari huyo huyo, watawa wawili, Hendrik Vos na Johannes van Essen, walichomwa moto kwa kushika mafundisho yake. Kutoka kuchomwa moto mpaka kuuza nyumba na kupakia mkokoteni, mimi naona hiyo ni safari ndefu sana, na kwa Walutheri na Wakatoliki ilikuwa imeandikwa kwenye sheria ya dola.

Na matokeo yake? Miaka 63 Ujerumani haikuwa na vita ya dini ya dola nzima, mpaka 1618 ilipoanza Vita ya Miaka Thelathini. Ulikuwepo ugomvi wa Cologne, askofu mkuu Gebhard alipogeuka Mprotestanti akaoa na bado akataka kubaki na jimbo, ila ulibaki wa upande ule. Ufaransa, ambako mapatano yalikuwa yanasainiwa na kuvunjwa, ilipigana vita nane kati ya 1562 na 1598. Huwezi kusema mkataba peke yake ndo uliofanya, watawala walikuwa wamechoka na hela zimeisha, lakini ulihamisha ugomvi kutoka uwanjani kwenda mahakamani, na watu wakakaa humo wakibishana mali ya monasteri ilichukuliwa kabla ya 1552 au baada, maana hiyo tarehe ndo ilikuwa mpaka.

Udhaifu wake wenyewe mimi nauona kwenye miji huru, ile iliyokuwa chini ya Kaizari moja kwa moja bila mtawala wa jimbo, yenye dini zote mbili. Mkataba ulisema zote zibaki. Sasa Donauwörth, mji wa Walutheri wengi na Wakatoliki wachache, Aprili 1606 watawa wakatoka na maandamano ya ibada, bendera juu, watu wakawavamia. Kaizari Rudolf wa Pili akauondolea mji ulinzi wa sheria, na kazi ya kuutia adabu akampa Maximilian wa Bavaria, jirani na Mkatoliki wa kweli kweli. Desemba 1607 akaingia na jeshi, akaleta bili ya gharama za jeshi, mji ukashindwa kulipa, akaushika kama rehani na kurudisha Ukatoliki. Yaani mji ulioahidiwa dini mbili ukapata moja kwa njia ya deni. 1608 bunge la dola likavunjika pale Regensburg, Waprotestanti wakaunda muungano wao wa kijeshi mwaka huo huo, na Wakatoliki wakaunda wao 1609.