Kupoteza mara nane mfululizo: wizi au bahati?

"Mwalimu, tangu Januari nabeti mechi moja kila siku, odi ya 1.90. Hivi karibuni mkeka umechanika mara nane mfululizo. Mara nane! Hawa watu hawaniibii kweli?"

Kijana huyu anauza dagaa Kibirizi, na tulikuwa kwenye kijiwe cha kahawa hapa Ujiji mwishoni mwa Oktoba. Waliokuwepo walishaamua kwamba anaibiwa. Mimi nilitaka tuhesabu kwanza.

Yeye hubeti idadi ya mabao, na kwa odi ya 1.90 dau la 1,000 likishinda hurudi 1,900. Odi ya 1.90 kwa mabao zaidi ya mawili, na 1.90 hiyohiyo kwa mabao mawili au pungufu, maana yake kila upande una nafasi karibu sawa. Tuchukue nusu kwa nusu. Ukichagua mechi nane tu, nafasi ya kupoteza zote ni nusu ikizidishwa kwa nusu mara nane, yaani 1 kati ya 256. Hiyo ndiyo namba inayowatisha watu, na kwa swali hili siyo yenyewe. Yeye hakubeti mechi nane. Alibeti kama 300, kisha akachagua kutusimulia nane zilizomuumiza.

Mkosi mpya, yaani mfululizo wa vipigo, huanza baada ya ushindi, kwa sababu ushindi ndio unaokata mkosi uliotangulia. Katika mechi 300 atashinda kama 150, kwa hiyo ana kama milango 150 ambayo mkosi unaweza kuingilia. Kila mlango una nafasi 1 kati ya 256 ya kuleta vipigo nane au zaidi. Nafasi ya kuikwepa milango yote ni 255/256 ikizidishwa yenyewe mara 150, inayotoa karibu 0.56. Zinabaki 44 kati ya 100 kwamba mkosi wa nane utamkuta angalau mara moja, bila mtu yeyote kumchezea. Akiwa mchaguzi mbaya kidogo, anapoteza 52 kati ya 100 badala ya 50, nafasi hiyo inapanda hadi karibu 53. Mkosi wa sita, kwa nusu kwa nusu, ni kama 90 kati ya 100.

Hakuniamini, tukarusha sarafu ya shilingi 200 mara 300 huku mwenzake akiandika. Simba alifika mara 7 mfululizo, Karume mara 9.

Hata hivyo, wenye shaka pale kijiweni wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Hesabu yangu inaonyesha kwamba mkosi wa nane hauthibitishi wizi. Haithibitishi kwamba wizi haupo. Mechi ya mpira wa kweli matokeo yake yanaonekana uwanjani na unaweza kuyalinganisha na mkeka wako, lakini michezo ya kompyuta, ile mechi zake huisha kwa dakika chache, hutoa matokeo kutoka kwenye mashine ambayo mchezaji haioni ndani. Huko shaka ina nafasi zaidi. Na kuna urefu wa mkosi ambao bahati peke yake huubeba kwa shida: vipigo ishirini mfululizo ndani ya mechi 300 ni kama 1 kati ya 7,500. Mtu akiniletea hiyo, nitamwambia apeleke kumbukumbu zake Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Kipimo kizuri kuliko mkosi ni jumla ya ushindi. Kwa mechi 300 za nusu kwa nusu, bahati ya kawaida humweka mtu kati ya ushindi 133 na 167, mara 95 hivi kati ya 100. Nilimwomba daftari lake. Alikuwa ameshinda 139, yaani yumo ndani.

Kilichonisikitisha daftarini ni kitu kingine. Siku zote aliweka shilingi 1,000, lakini mkosi ulipoanza alikuwa akizidisha dau mara mbili kila anapopoteza, akiamini ushindi mmoja utarudisha vyote. Kwa odi 1.90, mkosi ukirefuka haurudishi. Kufikia dau la tano ameshapoteza 15,000, anaweka 16,000, na akishinda faida ni 14,400, pungufu kwa 600. Dau la nane lilikuwa 128,000, na vipigo vyote vinane vilimchukua 255,000. Kama angebaki kwenye 1,000, mkosi uleule ungemgharimu 8,000.

Hata bila kuzidisha, ushindi 150 kwa vipigo 150 humletea 135,000 na kumtoa 150,000. Hizo 15,000 zinazopotea zimo ndani ya odi yenyewe, ambayo kwa nafasi ya nusu ingepaswa kuwa 2.00. Tulipofika kwenye mstari huo aliuliza kama anaweza kulichukua daftari akawaonyeshe wenzake wa mwaloni.