Mshale wa dayo geji umegawiwa kwa mbili?

Mjomba wangu wa Muheza kaniletea karatasi ya karakana moja hapa Tanga mjini, uso umemkunjamana. Ni ya shafti ya pampu inayompelekea maji kwenye mkonge wake. Imeandikwa: "Kitovu kimehama mm 0.30, mwisho ni 0.20, shafti ibadilishwe." Bei ya shafti mpya ipo pembeni, tena kwa wino mwekundu. Hapo hawakukosea hata tarakimu!

Nikapiga simu kuuliza hiyo 0.30 wameipataje. "Mshale ulicheza kutoka chini hadi juu 0.30, kaka." Ndiyo, lakini huo ni mwendo wote wa mshale wa geji inayogusa shafti ikizungushwa, ndio unaoitwa TIR. Kitovu kikiwa kimehama kwa kiasi e kutoka kwenye mhimili wa mzunguko, upande mmoja wa uso unasogea karibu na geji kwa e, na nusu mzunguko baadaye unarudi nyuma kwa e. Mshale umekula vyote viwili:

```
TIR = 2e
e = TIR / 2
```

Kwa hiyo kitovu kimehama 0.15, si 0.30. Ikiwa kikomo cha 0.20 ni cha kuhama kwa kitovu, shafti ya mjomba ni nzima.

Sasa wajuaji watasema, gawa kwa mbili, kazi imekwisha. Hapo ndipo ninapochukia zaidi. Nusu hiyo ni kweli iwapo sehemu unayopima ni duara. Shafti iliyolika ikawa na umbo la yai, kitovu chake kikiwa palepale, nayo inamchezesha mshale. Ila utauona ukipanda mara mbili katika mzunguko mmoja. Kitovu kilichohama kinaupandisha mara moja tu.

Mara nyingi yote mawili yamechanganyika. Weka alama nne kwa chaki, zungusha polepole kwa mkono, andika. Tuseme umepata 0, 0.20, 0.10 na 0.10. Toa zinazotazamana, kisha gawa kwa mbili: ya kwanza na ya tatu zinakupa 0.05, ya pili na ya nne 0.05. Umbo la yai linajifuta, kwa sababu linausukuma mshale sawa pande zote mbili. Mielekeo hiyo miwili ina pembe mraba, kwa hiyo kitovu kimehama kama 0.07. Aliyegawa tu mwendo wa mshale angesema 0.10. Maikromita itakuthibitishia uyai wenyewe: kipenyo kimoja kinazidi kingine kwa 0.20.

Haya, karakana niwape haki yao kidogo. Mchoro wa pampu ukiandika kikomo cha 0.20 kuwa ni cha TIR, hakuna kugawa chochote: 0.30 imezidi, na shafti inatoka. Nimewaomba wanionyeshe mchoro. Wanasema hawana.