Pensheni au providenti fandi: piga hesabu ya siku utakayoondoka

"Kaka, nilimaliza chuo mwaka jana, nina miaka 24, na nimepata barua mbili za kazi hapa Nairobi. Mshahara wa msingi ni 60,000 kote kuwili. Shirika la kwanza lina pensheni: asilimia 2 ya mshahara wa mwisho kwa kila mwaka niliofanya kazi, na mimi nachangia asilimia 5. Kampuni ya pili ina providenti fandi: mimi asilimia 5, mwajiri asilimia 10. Baba anasema nisifikirie mara mbili, nichukue pensheni. Ni kweli?"

Baba yako anasema alichokiona. Kizazi chake kiliingia kazini kijana na kutoka na mvi, na waliostaafu wakiwa na pensheni hawakulazimika kuwaomba watoto pesa za dawa. Simbishii. Ila kuna swali moja ambalo yeye hakuwa na haja ya kujiuliza, nawe unayo: utakaa hapo miaka mingapi?

Tofauti ya mipango hii miwili ni kitu gani kimeahidiwa. Shirika linakuahidi malipo ya uzeeni kwa fomula, na pesa zikipungua njiani ni mzigo wa shirika. Kampuni inakuahidi mchango tu. Inaweka asilimia 10 yake kila mwezi juu ya 5 yako, zinawekezwa kwa jina lako, na zitakazopatikana ndizo zako, zikizaa vizuri au vibaya. Kwa maelezo hayo pensheni inaonekana bora moja kwa moja, na ndipo watu wengi wanapoishia. Mimi naona providenti fandi inaonewa, hasa na wanaomshauri mtu wa kazi ya kwanza.

Tuseme umechukua kazi ya shirika, mshahara unapanda asilimia 6 kwa mwaka, na baada ya miaka sita, ukiwa na miaka 30, unapata kazi nzuri zaidi kwingine. Mshahara wako wa mwisho hapo utakuwa kama 80,000. Miaka sita mara asilimia 2 ni asilimia 12, na asilimia 12 ya 80,000 ni 9,600. Basi shirika litakuandikia barua kwamba ukifikisha miaka 60 utalipwa shilingi 9,600 kwa mwezi mpaka ufe.

Soma barua hiyo pole pole. Malipo yataanza miaka 30 baadaye, lakini mshahara uliotumika kuyapima umegandishwa siku uliyoondoka. Benki Kuu ya Kenya hulenga bei zipande kwa asilimia 5 hivi kwa mwaka. Bei zikipanda hivyo kwa miaka 30, 9,600 hiyo itanunua kile ambacho 2,200 ilinunua siku ulipokabidhi kitambulisho cha kazi. Miaka sita ya ujana, na asilimia 5 ya mshahara wako ikikatwa kila mwezi, mwishoni ni shopingi ya wiki moja.

Sasa mfikirie mwenzako mliyeajiriwa siku moja, ambaye hakuhama. Mshahara wake umeendelea kupanda kwa asilimia 6 ile ile mpaka akafika 60, na wa mwisho ni kama 461,000. Miaka yake sita ya kwanza, ile mliyokaa meza moja, inapimwa kwa mshahara huo wa mwisho. Asilimia 12 ya 461,000 ni zaidi ya 55,000 kwa mwezi. Kazi ilikuwa ile ile na makato yale yale. Yeye amepata 55,000 kwa miaka hiyo, wewe 9,600. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu mwanzoni sikuiamini. Fomula ya mshahara wa mwisho haikulipi unapofanya kazi, hukulipa kwa kubaki, na thamani yake kubwa imejificha katika miaka ya mwisho. Anayeondoka mapema huacha pesa ambazo husaidia kuwalipa wanaobaki.

Kwenye providenti fandi mambo ni kinyume. Michango ya miaka hiyo sita, yako na ya mwajiri, mfuko ukipata asilimia 9 kwa mwaka baada ya gharama, itafika kama 970,000. Ukiiacha izae kwa kiwango hicho hadi miaka 60, itakuwa karibu milioni 12.9. Nikichukulia kwamba kila milioni hununua malipo ya kama 8,000 kwa mwezi kutoka kampuni ya bima, hiyo ni zaidi ya laki moja kwa mwezi. Huenda ukaniambia asilimia 9 ni matumaini. Sawa, weka 7. Bado unapata kama 56,000, karibu mara sita ya barua ya shirika. Huku shilingi ya ujana ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa ina miaka mingi ya kuzaa, na haikuulizi kama ulibaki au uliondoka.

Niwe mwadilifu kwa upande wa pili. Mifuko mingi ya pensheni humpa anayeondoka hiari ya kuchukua angalau michango yake mwenyewe pamoja na riba, ambayo hapa ingekuwa kama 320,000, au kuhamisha thamani iliyokadiriwa na akchuari, mtaalamu anayepiga hesabu za ahadi za mfuko. Mingine huipandisha pensheni ya aliyeondoka kila mwaka ili isiliwe na bei. Kifungu hicho kikiwemo katika kanuni, na kiwango chake kikikaribia mfumuko wa bei, hesabu yangu ya 2,200 inaanguka na ushauri wangu unalegea. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, liandikie shirika swali moja tu: nikiondoka kabla ya kustaafu, pensheni yangu itapandishwa kwa kiasi gani kila mwaka, na kanuni ipi inasema hivyo? Jibu la mdomo halitoshi.

Na kama kweli utabaki mpaka mwisho, baba yako ana hoja nzito. Miaka 36 mara asilimia 2 ni asilimia 72 ya mshahara wa mwisho, yaani kama 332,000 kwa mwezi. Providenti fandi kwa miaka hiyo hiyo, ikipata asilimia 9, ingenunua kama 424,000. Ikipata 7, kama 293,000 tu. Huyu aliyebaki hatakiwi kukisia ni ipi kati ya hizo mbili itakuja. Soko likianguka mwaka anaostaafu, pensheni yake haitikisiki. Akiishi hadi 95, inaendelea kuingia. Akipandishwa cheo miaka mitano ya mwisho, fomula inapima miaka yake yote kwa mshahara wa cheo kipya, jambo ambalo mfuko wa michango hauwezi kabisa. Kwa mtu anayejijua ni wa kukaa, haya ni mambo makubwa.

Lakini ahadi ya miaka 36 inahitaji shirika litakaloishi miaka 36 likiwa na uwezo na nia. Hata Serikali ilishindwa kuubeba mzigo huo. Mtumishi wa umma wa zamani hakuchangia. Alihesabiwa sehemu moja ya 480 ya mshahara wa mwisho kwa kila mwezi wa utumishi, akiwa amefikisha angalau miaka kumi, na malipo yakatoka moja kwa moja kwenye kodi. Tangu Januari 2021 watumishi wapya wameingizwa kwenye mpango wa michango, ambapo mfanyakazi hufika asilimia 7.5 na Serikali huweka 15. Kwa shirika lako, omba kuona tathmini ya karibuni ya akchuari, inayofanywa kila miaka mitatu, uangalie kama mali ya mfuko inatosha ahadi zilizotolewa. Upungufu ukikua kutoka tathmini moja hadi nyingine, mara nyingi kinachofuata ni mfuko kufungwa na wanachama kuhamishiwa mpango wa michango, tena wakiwa katikati ya safari.

Providenti fandi nayo ina maradhi yake, na mawili yananitia wasiwasi zaidi. La kwanza ni mwajiri kukata pesa na kutozipeleka. Mimi yalinipata katika kazi yangu ya pili. Pesilipu zilionyesha makato ya miezi kumi na miwili, taarifa ya mwaka ya mfuko ikaonyesha minane. Niliziweka zote mbili mezani, nikatia alama mwezi kwa mwezi, nikawaandikia wadhamini wanaousimamia mfuko na kutuma nakala kwa RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya uzeeni. Ile minne iliingia, lakini riba ya muda iliokawia ilinichukua mwaka mzima kuipata. Uzuri wake ni kwamba pengo lilionekana, kwa sababu akaunti ilikuwa na jina langu. Katika mfuko wa fomula, mwajiri akiacha kuchangia, mfanyakazi wa kawaida haoni chochote kwenye karatasi yake.

La pili ni lako wewe mwenyewe. Ukistaafu na pensheni, unaweza kuchukua sehemu tu kwa mkupuo, katika mifuko ya waajiri isizidi theluthi, na zilizobaki zinakuja kila mwezi. Providenti fandi hukupa zote kwa siku moja. Na kabla ya hapo, kila unapobadilisha kazi, unaletewa fomu yenye visanduku viwili: kulipwa na kuhamisha. Sheria huzuia sehemu isitoke kabla ya wakati, lakini inayoruhusiwa kutoka inatosha kuuvunja mpango. Mwenzangu wa ofisini alitia alama kwenye cha kwanza akiwa na miaka 31, akanunua Probox ya kukodisha. Gari lilimpa biashara kwa miaka miwili, kisha likasimama kwenye gereji moja Barabara ya Kirinyaga likisubiri gia boksi. Hesabu yangu ya milioni 12.9 haina maana kwa mtu aliyefanya hivyo, na kwake hata 9,600 ya shirika ingekuwa afadhali, kwa sababu isingeguswa.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, nina miaka 24 na sijajua kama hiyo kazi nitaipenda, ningechukua barua ya kampuni. Ningeuliza asilimia 10 ya mwajiri inakuwa yangu kabisa baada ya muda gani, maana ikiwa ni miaka mingi, faida yote niliyoieleza inapungua. Na siku ya kuondoka ningetia alama kwenye kisanduku cha kuhamisha. Fomu itataka jina la mfuko mpya na nambari yako ya uanachama huko, kwa hiyo zitafute kabla hujakabidhi kitambulisho. Watu wengi hutia alama kwenye kulipwa kwa sababu tu siku hiyo hawakuwa nazo.